Krimu Inayoogopa Dhahabu

Likizo iliyopita sikwenda popote. Nilikaa wiki sita dukani kwa dada yangu pale Katoro, mkoani Geita, nikiuza vipodozi. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa pili na alihitaji mtu wa kukaa kaunta, na mimi bumu lilikuwa limeisha tangu zamani, kwa hiyo tulielewana haraka. Katoro mnaijua, au mmeisikia: wiki ambayo maduara yanatema, hela inazunguka mpaka muuza karanga anarudisha chenji ya noti nyekundu bila kulalamika. Wiki hizo vipodozi vinakwenda kuliko unga.

Krimu iliyokuwa inatoka kuliko zote ilikuwa kikopo kidogo cha gramu 50, chenye picha ya mwanamke aliyegawanywa nusu kwa nusu, upande mmoja mweusi na mwingine kama karatasi. Jina sitalitaja. Kifuniko kilidai kwamba ni ya asili, imepimwa na wataalamu wa ngozi, na haina haidrokwinoni. Dada alikuwa na katoni tatu, mtaji wa kama laki mbili hivi, na yeye mwenyewe alikuwa akiitumia usoni na shingoni tangu kabla ya ujauzito. Ni mweupe sasa hivi kuliko mimi, na sisi ni baba mmoja mama mmoja.

Siku moja jioni mjomba alipita kusalimia akitoka mwaloni. Mjomba ni mchenjuaji. Darasa la saba hakumaliza, lakini anasoma vizuri, na ana tabia ya kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata gazeti lililofungia maandazi. Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Alichukua kile kikopo, akakigeuza, akasoma kwa kufuata kwa kidole, halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Hapa wanasema isiguse nini?"

Nikasoma. Sentensi ya mwisho, kwa maandishi madogo kuliko chawa, ilisema mtumiaji asiiache krimu igusane na dhahabu, fedha, alumini wala vito.

Mjomba akacheka bila furaha. "Hii ni mekyuri," akasema. "Ni kitu gani kingine duniani kinaogopana na dhahabu?"

Nimesoma kemia mpaka mwaka wa tatu. Nimefaulu mtihani ulioniuliza jinsi zebaki inavyoshikana na metali nyingine. Nilikuwa nimeuza vikopo kama ishirini vya ile krimu, na sikuwa nimewahi kusoma nyuma.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze kidogo. Mwaloni, mbale ikishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki. Zebaki inameza chembe za dhahabu na kuacha mchanga. Halafu mchenjuaji anakamua lile donge kwenye kitambaa, analichoma, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki. Ndiyo maana wanawake wa machimboni huvua pete kabla ya kusogea karibu na beseni: pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki inageuka nyeupe kama bati, na kuirudisha lazima ichomwe. Mjomba amefanya kazi hiyo miaka mingi. Siku hizi akishika kikombe cha chai kinagonga sahani. Yeye husema ni uzee, na ana miaka 47.

Zebaki ya kwenye krimu si ule mpira wa fedha unaokimbia kwenye beseni. Ni chumvi ya zebaki, unga mweupe unaochanganywa kwenye mafuta. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na kwa hilo inafanya kazi kweli, hilo tusidanganyane. Tatizo ni kwamba inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, na mahali inapokaa zaidi ni kwenye figo. Moshi wa mwaloni unapiga zaidi mishipa ya fahamu, chumvi ya kwenye krimu inapiga zaidi figo, ingawa kila mmoja unaweza kufika kwa mwenzake. Shirika la Afya Duniani lina maelezo juu ya jambo hili, na moja ya dalili linazozitaja za krimu yenye zebaki ni hiyo hiyo aliyoiona mjomba: onyo la kutogusisha fedha, dhahabu, mpira, alumini na vito.

Usiku ule nilikaa na katoni zote za dukani, tochi ya simu mdomoni, nikisoma mgongo wa kila chupa. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma orodha ya viambato, na nilianza na losheni isiyo na hatia yoyote, kwa sababu ukitaka kujua uongo unaonekanaje ni lazima kwanza uujue ukweli wa kawaida. Ilikuwa losheni ya karoti, mililita 400, mbele ina picha ya karoti tatu na jani la shubiri. Nyuma iliandikwa hivi:

```
Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Stearic Acid,
Cetyl Alcohol, Glyceryl Stearate, Dimethicone,
Phenoxyethanol, Carbomer, Triethanolamine, Parfum,
Daucus Carota Sativa Root Extract,
Aloe Barbadensis Leaf Juice, Tocopheryl Acetate,
CI 15985
```

Kanuni ni moja, na karibu dunia nzima inaifuata. Viambato huandikwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kwa hiyo maji yametangulia, maana losheni nyingi ni maji kuliko kitu kingine chochote. Yanafuata mafuta ya parafini, yaani ndugu yake vaselini aliye majimaji, kisha gliserini. Ukishasoma vitatu au vinne vya mwanzo umeshajua umenunua nini. Hapa nimenunua maji, mafuta ya petroli yaliyosafishwa, gliserini, na nta za kuyashikanisha maji na mafuta yasiachane. Si kitu kibaya. Ngozi ya mtu wa Shinyanga mwezi wa saba, upepo ule ukivuma, inahitaji hivyo hivyo.

Lakini kanuni ina mwisho wake, na watu wengi hawaujui. Kiambato kikiwa chini ya asilimia 1, mtengenezaji anaruhusiwa kukiandika kwa mpangilio wowote anaoutaka, mradi kije baada ya vile vilivyozidi asilimia hiyo. Rangi nazo huwekwa mwishoni. Sasa mstari wa asilimia 1 haujachorwa kwenye chupa. Unautafuta mwenyewe kwa kutumia kiambato ambacho kiwango chake unakijua. Mimi natumia fenoksiethanoli, kihifadhi kinachozuia losheni isiote ukungu. Sheria ya Umoja wa Ulaya haikiruhusu kizidi asilimia 1, na watengenezaji wengi hata wa kwingine hufuata kipimo hicho. Kwa hiyo ukikiona, jua kwamba chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1, hata kama jina lake ni tamu namna gani.

Rudi uitazame karoti. Iko nyuma ya fenoksiethanoli, na iko nyuma hata ya manukato. Kwenye chupa ya mililita 400, asilimia 1 ni kama gramu 4, hazijazi kijiko cha chai. Na hiyo ni juu kabisa. Inaweza kuwa robo ya hapo, inaweza kuwa tone. Karoti tatu za kwenye picha zina uzito kuliko karoti yote iliyo kwenye katoni nzima. Rangi ya chungwa basi inatoka wapi? Iko mwishoni kabisa, CI 15985, rangi ya manjano-chungwa ile ile inayotiwa kwenye juisi za unga. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Jambo dogo la pembeni: rafiki yangu mmoja wa hosteli, Msabato wa kweli kweli, aliitupa losheni nzuri kabisa kwa sababu kwenye orodha aliona neno "Alcohol". Ile ni alkoholi ya mafuta, kitu kigumu cheupe kama nta ya mshumaa, kinachofanya losheni iwe nzito. Haileweshi mtu.

Sasa ile krimu yetu. Orodha yake ilikuwa fupi mno: maji, vaselini, nta, gliserini, manukato, vitamini E. Basi. Nilikaa nayo muda mrefu. Kama orodha ile ni ya kweli, nilichoshika mkononi ni mafuta ya kawaida ya kupaka, na mafuta ya kawaida hayawezi kumgeuza dada yangu rangi ndani ya miezi minne. Hakuna hata kimoja kati ya vile sita kinachofanya kazi hiyo. Na hakuna hata kimoja kinachoogopana na dhahabu. Yaani orodha na onyo la chini yake vilikuwa vinabishana kwenye kikopo kimoja.

Shirika la Afya limeeleza kwamba sabuni za kung'arisha zenye zebaki huwa na chumvi zake kama asilimia 1 hadi 3, na krimu asilimia 1 hadi 10. Kwa kiwango hicho zebaki ingetakiwa kuandikwa sehemu ya juu ya orodha, mbele ya manukato. Majina yake yako kadhaa: "Mercurous Chloride", "Calomel", "Ammoniated Mercury", "Mercuric Iodide", au "Mercurio" kama imetoka kwa wanaotumia Kihispania. Ukiyaona, weka chini. Lakini mara nyingi hutayaona, kwa sababu anayeweka zebaki anajua ni marufuku. Hapa ndipo orodha inapofika mwisho wa uwezo wake: inakusaidia kumsoma mtu anayetia chumvi kwenye matangazo yake, lakini haimkamati mtu aliyeamua kuficha. Huyo unamkamata kwa vitu vingine. Orodha isiyolingana na kazi ambayo krimu inafanya. Onyo la dhahabu. Kikopo kisicho na anwani ya mtengenezaji wala namba ya toleo. Krimu ambayo ikiachwa wazi kwenye mwanga inageuka rangi ya kijivu. Uhakika kamili ni wa maabara peke yake.

Maneno ya mbele nayo niliyarudia moja moja, kwa hasira. "Imepimwa na wataalamu wa ngozi": sawa, imepimwa, na majibu yalisemaje? Hawajasema. Watu wangapi walipakwa? Hawajasema. Mtu anaweza kuipima, ikamtoa vipele, na bado akawa hajasema uongo kwamba ilipimwa. "Ya asili": neno hilo halina kipimo linachofungwa nacho, na zebaki yenyewe ni ya asili kama unavyotaka, inachimbwa ardhini. "Haina haidrokwinoni" ndiyo iliyonitia uchungu zaidi, kwa sababu huenda ni kweli tupu. Haidrokwinoni ni dawa ya kung'arisha iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na watu wamesikia kwamba inaharibu ngozi mpaka inapata madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Kwa hiyo muuzaji anakwambia kisichokuwemo ili usiulize kilichomo. Kila ukiona "haina" kwenye kopo, uliza kazi ya hicho kisichokuwemo inafanywa na nini.

Kuna kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipoanza kujiona mtaalamu, nalo ni kudhani kilicho mwishoni hakina nguvu. Mpangilio unaonyesha wingi. Nguvu ni habari nyingine. Mwenzangu wa chumba kimoja hapa chuoni alikuwa akipaka usoni dawa ya tyubu kutoka duka la dawa, kwa sababu "inang'arisha fasta". Tyubu hiyo ina klobetasoli asilimia 0.05. Kwa tyubu ya gramu 30 hiyo ni miligramu 15 tu. Ingeandikwa kwa kanuni ya vipodozi ingekaa mkiani baada ya manukato. Lakini ni steroidi yenye nguvu kuliko karibu zote za kupaka, ambayo daktari huitoa kwa wiki mbili hivi kwa ugonjwa maalumu, na kwa kawaida si ya usoni. Ukipaka kwa miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinamwagika, na ukiacha ghafla uso unawaka. Mwenzangu yuko kwenye hatua hiyo ya mwisho sasa, na amenipa ruhusa ya kuandika hivi bila jina. Akina dada wanaonunua mkorogo kwenye vikopo visivyo na lebo wakumbuke kwamba hiyo tyubu mara nyingi ni mmoja wa wanaokorogwa humo.

Asubuhi nilimwambia dada. Nilijua itakuwa vigumu, ila sikujua kiasi gani. Kwanza alikataa. Akasema wateja wanaipenda, wakaguzi hawajawahi kusema kitu, na mjomba ni mjomba tu, yeye kila kitu ni mekyuri. Halafu akauliza kitu ambacho nilikuwa nakiogopa: "Na mtoto?" Maana analala naye kifuani, shavu kwenye shingo ile ile. Nikamwambia nilichokijua, kwamba zebaki ya kwenye krimu hainyamazi kwa anayepaka peke yake. Inashika mashuka, taulo, mikono, na watoto wa nyumba hiyo huipata. Hakusema kitu. Alikwenda akaoga, siku hiyo hiyo akafua mashuka yote.

Tulikwenda hospitali wiki iliyofuata. Daktari alimpima mkojo kuangalia kama figo zinavujisha protini, akampima na presha. Protini haikuonekana, tukashukuru. Alimwambia aache kabisa, arudi baada ya muda kwa kipimo kingine, kwa sababu mwili hutoa zebaki polepole, kwa miezi, na dalili za figo huwa hazina haraka: miguu kuvimba, uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu. Alimwambia pia rangi itarudi, na itarudi vibaya kwanza, kwa mabaka. Hilo la mabaka lilimuuma dada kuliko yote.

Kuhusu sheria, nilichimba kidogo. Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Mkataba huo huo mmoja una kifungu cha wachimbaji wadogo wa dhahabu na una orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni, vipodozi vikiwemo. Mjomba na dada wako kwenye karatasi moja. Mwanzoni marufuku ilihusu vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Mwaka 2023, huko Geneva, nchi zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho, kwamba kufikia 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa. Ili uone ukubwa wake: kikopo cha gramu 50 chenye zebaki asilimia 1 kina miligramu 500. Kwa kile kiwango cha zamani kisingezidi miligramu 0.05. Ni mara elfu kumi. Hapa nchini tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, si tena ile iliyokuwa TFDA, kwa hiyo malalamiko yapelekwe huko.

Niliporudi masomoni nilipangiwa fildi kwenye sekondari moja mkoani Shinyanga, kidato cha pili, kemia. Somo lilikuwa elementi na alama zake, na sikuwa na zana zaidi ya chaki. Nikawaambia walete makopo matupu ya nyumbani. Walileta zaidi ya arobaini. Tulitafuta maji, tukatafuta mstari wa asilimia 1, tukahesabu karoti. Msichana mmoja wa nyuma aliinua kikopo kidogo chenye mwanamke wa nusu kwa nusu. Wa mama yake, alisema. Nikamwomba anisomee sentensi ya mwisho, akaisoma taratibu, akatulia, akaniuliza, "Mwalimu, baba anachimba Mwabomba. Sasa hiki na kile cha baba ni kitu kimoja?"

Katoni tatu bado ziko kwa dada. Kuzichoma hatuwezi, moshi wake ndio ule ule wa mwaloni. Kuzimwaga chooni hatuwezi, kisima kiko hatua thelathini. Tumezifunga kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tukaiweka chini ya kaunta, tukisubiri majibu ya tulikopiga simu. Wateja bado wanaiulizia. Dada anawaambia imeisha, na juzi kwenye simu aliniambia kwamba mmoja alimjibu, "Hamna shida, jirani anayo."